Mteja anasema tumelala wiki nne. Chati ya kushuka inatusingizia au inasema kweli?

#1 MwanaNgamiani

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, vijana watano tumekodi chumba Ngamiani, Barabara ya 8. Tunajenga mfumo wa chama cha wafugaji. Maziwa yanapimwa kituoni alfajiri, karani anaingiza lita kwenye simu, mwisho wa mwezi mfugaji analipwa kwa alichopeleka. Kazi yote tuliikadiria pointi 120, tukaahidi kumaliza kwa spirinti 6 za wiki mbili mbili. Ni pointi 20 kila spirinti.

Kila spirinti ikiisha namtumia mwenyekiti wa chama chati ya kushuka, ile ambayo kwenye programu ya Jira tunayopangia kazi imeandikwa `Burndown`. Mstari unaanzia 120 na unatakiwa kuteremka mpaka sifuri. Spirinti ya kwanza ulifika 102, ya pili 88. Ya tatu 86. Ya nne 86 palepale. Ya tano 70.

Jana mwenyekiti kaitoa karatasi mbele ya kamati nzima, kapitisha kidole pale mstari ulipolala, akasema, "Wiki nne hizi mmekula pesa ya wafugaji na kazi hamkufanya." Wallahi niliumia. Wiki hizo ndizo tulizokuwa tunafunga ofisi saa sita za usiku.

Rafiki yangu ananiambia nimpelekee chati ya kupanda badala ya hii. Naomba mnieleze, chati ndiyo inayotusingizia au kuna kitu sikioni?

#2 Kijana_Makorora

Pole sana kaka. Kosa ni la chati. Chati ya kushuka haionyeshi mabadiliko ya wigo, yaani jumla ya kazi inayotakiwa, hata chembe, wewe itupe. Sema Skramu, huu utaratibu wa kufanya kazi kwa spirinti, inakulazimisha uwe nayo, kwa hiyo ichore ya ndani kwenu na mteja mpe ya kupanda.

#3 BiHesabu

Mwanangu, kabla hatujailaumu karatasi, tupe namba mbili za kila spirinti: pointi mlizomaliza na pointi zilizoingia mpya katikati ya safari. Hiyo 86 yako ni kazi iliyobaki tu. Kazi inabaki palepale kwa njia mbili zisizofanana kabisa. Moja, hamkufanya kitu. Mbili, mlimaliza 20 na mlangoni zikaingia 20. Kwenye chati ya kushuka hali zote mbili zinachorwa mstari uleule uliolala, na mwenyekiti kasoma ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayomjia mtu haraka.

#4 FundiMsingi

Mimi ni mjenzi wa nyumba, Bagamoyo, hayo ya Jira siyajui. Ila kama swali ni mteja kuongeza kazi halafu akulaumu umechelewa, hilo nalijua vizuri. Nilijenga nyumba ya vyumba vitatu kule Ukuni. Msingi umeshapanda, mama mwenye nyumba akataka choo cha ndani, kisha baraza, kisha tangi la maji chini ya ardhi. Mwezi wa tano ananiuliza mbona paa halijapanda. Siku hizi sigusi tofali la nyongeza kabla ya veriesheni, yaani karatasi ya mabadiliko ya kazi, kuandikwa na kusainiwa, pembeni ya BOQ ya mwanzo, ile orodha ya kazi na vifaa tuliyokubaliana. Wewe umeandikiana naye?

#5 MwanaNgamiani

Fundi, tuliandikiana mkataba wa mwanzo tu. Nyongeza zilikuja kwa simu na kwa meseji za WhatsApp.

Bi Hesabu, shikamoo. Nimekaa na wenzangu tumepekua spirinti moja moja, hizi hapa:

```
Spirinti  Tumemaliza  Zimeingia  Wigo wote  Jumla iliyoisha  Imebaki
0              0           0        120            0            120
1             18           0        120           18            102
2             20           6        126           38             88
3             19          17        143           57             86
4             21          21        164           78             86
5             20           4        168           98             70
```

Nilipoiona hii nikashtuka mwenyewe. Spirinti ya nne, ile anayosema tulilala, ndiyo tuliyomaliza pointi nyingi kuliko zote.

#6 BiHesabu

Marahaba. Sasa umeiona. Chukua safu ya "Wigo wote" uichore mstari, halafu "Jumla iliyoisha" uichore mstari wa pili chini yake. Hiyo ndiyo chati ya kupanda, kazi imeisha. Mstari wa chini unapanda 18, 38, 57, 78, 98, karibu nyoofu kama rula. Ukiuangalia huoni usingizi popote. Mstari wa juu umetulia kwenye 120, ukajongea kidogo, kisha spirinti ya tatu na ya nne ukapanda sambamba na wa chini. Nafasi kati ya mistari miwili ndiyo kazi iliyobaki, zile 86 zako. Kwenye chati yako ya zamani nafasi hiyo ndiyo mstari wenyewe.

Ukimwambia mwenyekiti "tumechelewa kwa sababu mliongeza," hayo ni maneno. Ukimwonyesha mstari wa juu unavyoondoka kwenye 120 hadi 168, anaona nyongeza ya pointi 48 kwa jicho lake. Kwa kasi yenu, wastani wa 19.6 kwa spirinti, hizo ni kama spirinti mbili na nusu za kazi ambayo siku ya mkataba haikuwapo. Bila nyongeza leo mngebakiwa na pointi 22 tu.

#7 PwaniDev

Namrekebisha kidogo Kijana_Makorora hapo #2. Skramu hailazimishi chati ya kushuka. Zamani mwongozo wake uliitaja kama kitu cha lazima, toleo la 2011 likaondoa sharti hilo. Toleo la 2020 linataja za kushuka, za kupanda na nyingine kama njia mojawapo tu za kutabiri.

Na si kweli kwamba haionyeshi wigo "hata chembe." Jira ukifungua chati ya spirinti, kazi ikiongezwa katikati mstari unaruka juu, na chini yake kuna jedwali limeandikwa `Scope change` kwa kila kazi iliyoingia. Shida inakuja unapochora nukta moja mwisho wa kila spirinti, kama alivyofanya mwenzetu. Kilichoingia Jumanne na kilichoisha Alhamisi vimeshakatana kabla hujaweka nukta.

#8 Kijana_Makorora

Sawa mkuu, la 2011 sikulijua. Ila hata huo mruko wa juu mwenyekiti wa wafugaji hatauelewa.

#9 MhasibuWaPangani

Mimi nakaa upande wa wanaolipa, kwa hiyo mniwie radhi. Naona mnaikimbilia chati ya kupanda kwa sababu inawasafisha. Mimi mteja nina swali moja, lini itaisha?

Chati ya kushuka ya mwenzetu imetoka 120 hadi 70 kwa spirinti tano. Ni pointi 10 kila spirinti. Zimebaki 70, kwa hiyo spirinti 7 nyingine. Ninyi na mstari wenu nyoofu mtaniambia 70 gawanya kwa 19.6, kama spirinti 4. Tofauti ya spirinti tatu ni mwezi mmoja na nusu. Kama chama kimepanga kuanza kutumia mfumo kabla ya masika, ipi kati ya hizo mbili itaniponza? Ile inayosema 4.

#10 BiHesabu

Mhasibu kasema jambo zito, nisingependa lipite. Ni kweli mteremko wa chati ya kushuka umeshameza nyongeza ndani yake. Ukiuburuza mbele hadi sifuri, unasema: wakiendelea kufanya kazi hivi na kuongeza hivi, itaisha siku fulani. Kwa namba hizi:

```
70 / (19.6 - 9.6) = 7      wigo ukiendelea kukua vilevile
70 / 19.6 = 3.6            wigo ukifungwa leo
```

Hiyo 9.6 ni 48 gawanya kwa 5. Majibu yote mawili ni sahihi, kila moja lina sharti lake. Chati ya kupanda ukiisoma kwa haki nayo inakupa 7, lakini lazima uiburuze mistari miwili, wa juu pia. Wengi wanauburuza wa chini peke yake na kuuacha wa juu umelala kama vile mteja ameapa hataongeza tena. Hapo ndipo wanapodanganya, hata bila kukusudia.

Ila wastani wa 9.6 nao una matatizo. Nyongeza zake hazikuja sawasawa, 38 kati ya 48 zimeingia spirinti mbili tu, kisha ya mwisho 4. Huenda mvua imepita. Huenda itarudi wafugaji wa kwanza wakianza kuutumia mfumo. Hilo chati haikujibu, unamuuliza mwenyekiti.

#11 PwaniDev

Mwenye uzi, hizo 48 zote ni za mteja kweli? Uliza timu yako vizuri kabla hujaingia kwenye mkutano.

#12 MwanaNgamiani

Mkuu umenigusa mahali. Nimerudi kwenye orodha, nimezichambua.

Za chama ni 35: meseji ya lita kwa mfugaji kila akipima, makato ya dawa na chakula cha ng'ombe, ripoti ya kila kituo, na vitu vidogo vidogo. Spirinti ya tatu kuna 5 za kurekebisha makosa yetu wenyewe, karani akipoteza mtandao lita zilikuwa zinaingia mara mbili. Na spirinti ya nne kuna 8 za hesabu ya malipo ya mwisho wa mwezi. Tuliikadiria pointi 5, tulipoifungua tukakuta bei ya asubuhi na ya jioni hazifanani, tukaipandisha ikawa 13.

Kwa hiyo 13 kati ya 48 hakuna aliyetuongezea.

#13 PwaniDev

Ndiyo maana nimeuliza. Ukipeleka mstari mmoja wa juu uliopanda 48 na kusema "ninyi mmeongeza," katibu mmoja makini atakuuliza moja moja, na ukikamatwa kwenye hizo 13 hata zile 35 za haki hawatakuamini tena.

Makosa yenu msiyahesabu kwenye wigo kabisa. Hizo 5 zifanyeni bila pointi. Kasi itashuka, na ishuke, kwa sababu ndiyo kasi yenu ya kweli ya kumpa mteja kitu kipya.

#14 BiHesabu

Hapo kwenye makosa sikubaliani nawe. Ukiyaficha nje ya chati, wiki ambayo timu nzima inarekebisha makosa itaonekana wiki ya uvivu, na tumerudi kulekule kwa mwenyekiti na kidole chake. Mimi nayaweka ndani, lakini mstari wa wigo naugawa kwa rangi. Chini kabisa 120 za mkataba, juu yake nyongeza za mteja, juu yake makadirio yaliyorekebishwa, juu kabisa makosa. Mwisho wa spirinti ya tano utasoma 120, 155, 163, 168. Kila mtu anauona mzigo wake.

#15 PwaniDev

Mama, rangi nne kwenye karatasi ya kamati ya wafugaji? Watabaki wanatazama rangi. Mimi nabaki na msimamo wangu, mteja analipia kitu kipya, kosa langu si wigo wake.

#16 FundiMsingi

Kwetu ukipima vibaya urefu wa ukuta, tofali za ziada unanunua wewe. Lakini ukichimba ukakuta maji mahali ambapo hakuna aliyejua, hiyo mnakaa chini mnazungumza. Hizo 8 za malipo ni ukuta au ni maji?

#17 MwanaNgamiani

Fundi swali lako limetufumbua macho. Bei mbili za asubuhi na jioni zilikuwapo tangu zamani, sisi hatukuuliza na wao hawakusema.

#18 Binti_Dunda

Nami niweke langu, niko Bagamoyo. Nilisimamia mfumo wa kupangisha vyumba kwa nyumba ya wageni moja ufukweni, siitaji. Wigo ulikuwa pointi 160. Tulikuwa na chati ya kushuka peke yake. Spirinti moja mwenye mali akaamua sehemu ya mgahawa haitaki tena, tukafuta pointi 25. Spirinti hiyohiyo nusu ya timu ilikuwa msibani, tulimaliza 6 tu. Mstari uliporomoka 31! Mwenye mali akatupigia simu kutupongeza, akaagiza tuletewe na pilau. Nilikula ile pilau moyo ukinisuta, nikampigia kesho yake kumweleza.

Baada ya hapo nikahamia ya kupanda. Pale kufuta 25 kunaonekana wazi, mstari wa juu unashuka ngazi na wa chini haujongei kwa ajili hiyo. Nikadhani nimepona. Miezi miwili baadaye akatoa pointi 30 za ripoti, akaingiza 30 za malipo kwa simu. Mstari wa juu haukutikisika. Yeyote aliyeitazama chati angesema wigo ulitulia spirinti nzima, na sisi tulikuwa tumetupa kazi ambayo robo yake tulishaianza. Kwa hiyo nayo inakata nyongeza na punguzo ndani ya namba moja, kama ile ya kushuka inavyokata kazi iliyoisha na iliyoingia.

#19 BiHesabu

Binti Dunda, hilo la kubadilishana wengi hawalioni mpaka liwakute. Dawa yake si chati nyingine, ni safu mbili kwenye jedwali, "zimeingia" na "zimetoka," kila moja kivyake na tarehe. Jedwali la mwenye uzi lina "zimeingia" tu. Kama kuna kilichotoka amekijumlisha humo kimyakimya.

#20 MwanaNgamiani

Hakuna kilichotoka Bi Hesabu, nimehakikisha.

#21 Mtani_wa_Korogwe

Nyie watu wa Tanga mji wenu ni waja leo waondoka leo, ila pointi za mteja zikija haziondoki 😂 Samahani, endeleeni.

#22 MwanachuoTZ

Samahani wakubwa, mimi mwanafunzi. Naweza kubaki na chati ya kushuka lakini wigo uonekane? Mwalimu wetu anataka ile tu.

#23 PwaniDev

Inawezekana. Mike Cohn ana namna yake ya kuichora kwa nguzo badala ya mstari. Kazi ikiisha, kichwa cha nguzo kinashuka. Kazi ikiongezwa, kitako cha nguzo ndicho kinachoshuka chini ya sifuri. Ikitolewa, kitako kinapanda. Kwa mwenye uzi, baada ya spirinti ya tano kichwa kingekuwa 22 na kitako kingekuwa chini ya sifuri kwa 48. Urefu wa nguzo ni 70, namba ileile, ila sasa unaona imetoka wapi. Kwenye Excel weka safu mbili, moja ya namba chanya na nyingine hasi, uchague nguzo za kupandana.

Angalizo moja, makadirio ukiyarekebisha kwa namna hii ya kawaida yanahesabiwa kichwani, si kitakoni. Zile 8 za mwenye uzi zingepanda juu, kichwa 30, kitako 40. Urefu bado 70.

#24 MwanachuoTZ

Nimeelewa, asante sana.

#25 MhasibuWaPangani

Hiyo ya nguzo mimi ningeipenda. Kichwa ni deni lenu kwangu, kitako ni deni langu mwenyewe.

#26 MwanaNgamiani

Wakuu nimerudi, mkutano ulikuwa leo asubuhi. Nilipeleka karatasi mbili. Ya kwanza chati ya kupanda, mstari wa juu nimeugawa sehemu mbili tu, 120 za mkataba na 35 za chama. Zile 13 niliziandika pembeni kwa maneno, nikasema hizi ni za kwetu na za bei mbili. Ya pili orodha ya nyongeza, kila moja na tarehe na meseji iliyoiomba.

Mwenyekiti aliitazama muda mrefu. Hakuomba radhi, lakini karatasi yake ya zamani aliikunja akaiweka mfukoni. Meseji ya lita kwa mfugaji alisema yeye ndiye aliyeiomba, anaikumbuka siku yenyewe. Nikawapa tarehe mbili, spirinti 4 wakifunga wigo, 7 wakiendelea kuongeza kama walivyokuwa. Wakachagua 4. Dakika kumi baadaye mama mmoja wa kamati akauliza kama mfugaji ataweza kuona lita za mwaka jana.

Kwenye zile 8 za bei tulishindana. Katibu anasema mtu anayejenga mfumo wa maziwa alitakiwa kuuliza bei. Mimi nikasema aliyejua bei ni wao. Limeachwa mpaka mkutano ujao.

#27 FundiMsingi

Hongera kijana. Lita za mwaka jana umeziandika?

#28 MwanaNgamiani

Nimeziandika hapohapo mbele yake, pointi 8, na yule mama kasaini. Tarehe ya kumaliza imesogea, nimewasomea kabla hatujanyanyuka.

#29 PwaniDev

Safi. Na kwenye hizo 8 nyingine za bei, mimi bado nasema ni zenu.

#30 BiHesabu

Na mimi bado nasema ni maji chini ya msingi. Tuwekee chati ya spirinti ya sita ikitoka.